Nimeongezwa asilimia 8, mbona siku yangu imeshuka bei?

*Swali: Habari za kazi. Niko kiwanda cha minofu ya samaki hapa Mwanza, upande wa kupokea sangara na kupima. Tunafanya siku sita kwa wiki, saa 45. Mshahara wa msingi ulikuwa 550,000 na posho ya usafiri 50,000. Nilikuwa nakatwa NSSF 60,000 na PAYE 24,000, nabaki na 516,000. Barua ya nyongeza inasema asilimia 8 kuanzia Oktoba, lakini mkononi imeongezeka 31,680 tu. Tena karatasi ya ovataimu ilikuwa inaandika siku yangu 21,155, sasa inaandika 19,800. Nimeongezwa au nimepunguzwa? Na kwa mwaka napata kiasi gani zaidi?*

Umeongezwa kwenye mshahara wa mwezi, na hesabu ya mkononi iko sawa hadi shilingi ya mwisho. Kwenye siku umepunguzwa, na hapo una haki ya kudai. Hayo ni mambo mawili tofauti yaliyotokea mwezi mmoja, ndiyo maana yamekuchanganya.

Tuanze na barua. Neno la kutafuta ni lile linalofuata baada ya "asilimia 8". Ikiwa imeandikwa "ya mshahara wa msingi", basi nyongeza ni 550,000 mara 0.08, yaani 44,000, na msingi mpya ni 594,000. Posho inabaki 50,000 vilevile. Ingekuwa "ya malipo yote", nyongeza ingepigwa kwenye 600,000 na ungepata 48,000. Tofauti ni 4,000 kwa mwezi, au 48,000 kwa mwaka. Kwako ni wazi walipiga kwenye msingi, maana 19,800 unayoiona kwenye karatasi ni 594,000 iliyogawanywa kwa 30. Kwa hiyo kabla hata makato hayajaguswa, malipo yako yote yametoka 600,000 kwenda 644,000, na hiyo si asilimia 8 tena, ni asilimia 7.3 hivi. Posho isiyoongezeka huwa inaivuta nyongeza chini kimyakimya. Kadiri sehemu kubwa ya malipo inavyokaa kwenye posho, ndivyo asilimia iliyotajwa kwenye barua inavyozidi kupungua ikifika kwenye jumla.

Ukitaka kujihakikishia kwa simu, zidisha 550,000 kwa 1.08. Usitegemee kitufe cha asilimia, kwa sababu simu nyingine ukibonyeza 550,000 + 8% zinakupa 594,000, nyingine zinakupa 550,000.08. Na kama una msingi mpya tu na unataka kujua wa zamani, gawanya kwa 1.08, usitoe asilimia 8. Ukitoa asilimia 8 kwenye 594,000 unapata 546,480, halafu unabaki unamshuku mhasibu bure. Nane ya kutoa inahesabiwa juu ya namba kubwa zaidi kuliko ile iliyoongezewa.

Sasa ile 31,680. NSSF yako inakatwa asilimia 10 ya jumla, na kodi inahesabiwa kwenye kile kinachobaki baada ya NSSF. Zamani ilikuwa 600,000 toa 60,000, inabaki 540,000 ya kutozwa kodi. Viwango vya kodi ya ajira vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021 vinaikata 540,000 vipande vipande: shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi, 250,000 zinazofuata, kufikia 520,000, zinatozwa asilimia 8, ambayo ni 20,000, zile 20,000 zilizobaki juu yake zinatozwa asilimia 20, ambayo ni 4,000. Jumla 24,000, ndiyo uliyoiona kwenye slipi.

Mshahara mpya unapita njia ileile. Kwenye 644,000 NSSF inachukua 64,400, inabaki 579,600. Kodi ni zile 20,000 pamoja na asilimia 20 ya 59,600, yaani 11,920, jumla 31,920. Mkononi: 644,000 toa 64,400 toa 31,920, sawa na 547,680. Ukilinganisha na 516,000 unapata 31,680.

Angalia kilichotokea kwenye ile nyongeza peke yake, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kila shilingi 100 mpya uliyoongezwa, NSSF inachukua 10. Kwenye 90 zinazobaki kodi inachukua asilimia 20, yaani 18. Unabaki na 72. Basi 44,000 mara 0.72 ni 31,680, bila kuhesabu slipi nzima upya. Mshahara wako wa zamani haukukatwa hivyo, kwa sababu sehemu yake kubwa ilikaa kwenye kipande kisicho na kodi na kile cha asilimia 8. Kwenye mshahara wa zamani ulikuwa unabaki na 86 katika kila 100; kwenye nyongeza unabaki na 72. Ndiyo maana asilimia 8 ya barua imekuwa asilimia 6.1 mfukoni.

Utawasikia wenzako wakisema ukiongezwa kidogo unaingia daraja la juu la kodi na unaishia kupata pungufu kuliko mwanzo. Si kweli kwa kodi hii. Mtu ambaye kiasi chake cha kutozwa kodi kinapanda kutoka 510,000 hadi 550,000 anavuka ule mpaka wa 520,000, lakini asilimia 20 inagusa zile 30,000 za juu tu. Kodi yake inatoka 19,200 kwenda 26,000. Katika ile 40,000 aliyoongezewa, kodi imekula 6,800 na nyingine zote zimebaki kwake. Kama mkononi kumepungua kweli baada ya nyongeza, tafuta kato jipya kwenye slipi, kwa mfano mkopo au chama cha akiba. Kupanda daraja hakuwezi kuwa sababu.

Kwa mwaka kuna majibu mawili na yote ni sahihi, ilimradi ujue unauliza lipi. La kwanza ni kiwango cha mwaka, yaani ungelipwa kiasi gani kama ungekaa na mshahara huu miezi 12 kamili. Msingi unatoka 6,600,000 kwenda 7,128,000, tofauti 528,000, na hiyo ni asilimia 8 kamili. Katika hiyo, mkononi unapata 380,160, kodi inachukua 95,040, na NSSF 52,800. Hiyo ya NSSF haijapotea, iko kwenye akaunti yako ya mfuko, na kama mwajiri naye anachangia asilimia 10, mchango wake pia umepanda 4,400 kwa mwezi. Yaani kila mwezi mfuko unapokea 8,800 zaidi kwa jina lako, ingawa kwenye mfuko wa suruali huioni.

La pili ni mwaka wa kalenda huu uliomo. Nyongeza imeanza Oktoba, kwa hiyo umelipwa miezi tisa kwa 550,000 na utalipwa mitatu kwa 594,000. Jumla ya msingi ni 4,950,000 na 1,782,000, sawa na 6,732,000. Tofauti na mwaka usio na nyongeza ni 132,000, ambayo ni asilimia 2 tu. Hakuna aliyekuibia. Asilimia 8 iliyofanya kazi robo ya mwaka inatoa asilimia 2 ya mwaka. Hili lina uzito ukienda kuomba mkopo au ukipanga ada ya Januari: ukichukua 528,000 kama pesa itakayokuwepo kufikia Desemba, utapungukiwa vibaya, maana mkononi katika miezi hiyo mitatu umepata zaidi 95,040 tu.

Tuje kwenye siku, maana hapa ndipo penye tatizo la kweli.

Mshahara wa mwezi hauna siku ndani yake. Ili upate bei ya siku lazima uugawanye kwa kitu, na asilimia ya nyongeza inabaki ileile kwenye siku kwa sharti moja tu: kigawanyo cha kabla na cha baada kiwe kimoja. Ukigawanya zote mbili kwa 30, siku inatoka 18,333 kwenda 19,800, asilimia 8. Ukigawanya zote mbili kwa 26, nayo inapanda asilimia 8. Lakini ofisi yenu ilikuwa inatumia kigawanyo cha siku za kazi, na mwezi wa nyongeza ikahamia 30. Mshahara umepanda asilimia 8, kigawanyo kimepanda zaidi ya asilimia 15, na bei ya siku ikashuka asilimia 6.4. Huenda ni makusudi, huenda mtu alifungua jedwali jipya la kompyuta ambalo limeshawekwa 30. Kwa vyovyote, matokeo kwako ni yaleyale.

Kigawanyo sahihi si suala la mtu kuchagua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ina jedwali mwishoni linaloeleza namna ya kubadili mshahara wa mwezi kuwa wa wiki, siku na saa. Mwezi unahesabiwa kuwa na wiki 4.333, ambayo ni wiki 52 zikigawanywa kwa miezi 12. Kupata siku, unagawanya mshahara wa msingi kwa 4.333 mara idadi ya siku unazofanya kazi kwa wiki. Kwa siku sita ni 25.998, ndiyo maana wengi wanasema 26. Anayefanya siku tano anagawa kwa 21.665, na siku yake inakuwa ghali zaidi kuliko yako hata mkilipwa mshahara uleule, kwa sababu kila siku yake imebeba sehemu kubwa zaidi ya mwezi.

Kwako inakuwa hivi:

```
zamani: 550000 / (4.333*6) = 21,155.47
sasa:   594000 / (4.333*6) = 22,847.91
```

Siku yako ilitakiwa ipande 1,692, si kushuka. Kama unataka kumwonyesha mtu kwa nini 30 haifai kwenu bila kumfungulia sheria, mwambie azidishe kurudi nyuma. Siku 26 za kazi kwa 19,800 ni 514,800. Mshahara ni 594,000. Hizo 79,200 zilizokosekana ni za zile siku nne ambazo ziko kwenye 30 lakini hakuna mtu anayezifanyia kazi. Bei ya siku ya kazi ikizidishwa kwa siku za kazi lazima irudishe mshahara, isiporudisha basi kigawanyo si chake.

Kugawa kwa 30 si dhambi kila mahali. Ukitaka kujua nyumba yako ina kiasi gani cha kutumia kila siku ya kalenda, Jumapili ikiwemo, gawa hata kwa 30, lakini gawa ile 547,680 ya mkononi. Tatizo linaanza pale namba hiyo inapoingizwa kwenye malipo ya kazi.

Na inaingia kwenye ovataimu moja kwa moja. Saa yako ya kawaida ni mshahara wa msingi gawa kwa 4.333, kisha gawa kwa saa 45. Inatoka 2,820.73 kwenda 3,046.39. Ovataimu ni mara moja na nusu, kwa hiyo saa moja ya ziada ilikuwa 4,231 na sasa inatakiwa iwe 4,569 na senti. Kwa siku ya 19,800 yenye saa saba na nusu, ofisi itapata saa ya kawaida 2,640 na ya ziada 3,960. Chukua mwezi ambao magari ya samaki yamechelewa na umefanya saa 20 za ziada. Zamani ulipata 84,622. Sasa unatakiwa upate 91,392. Kwa karatasi yenu mpya utapata 79,200. Unakosa 12,192, na hata ukilinganisha na kabla ya nyongeza umeshuka zaidi ya 5,400. Kama unafanya ovataimu nyingi, upungufu huu unakula sehemu ya nyongeza yako kila mwezi na huwezi kuuona kwenye mstari wa mshahara wa msingi.

Zamu ya usiku nayo inafuata saa hiyohiyo: kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi kuna nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa, na saa ya siku ya mapumziko ya wiki au sikukuu inalipwa mara mbili. Zote zinachukua saa ya msingi, posho ya usafiri haihesabiwi humo. Kwa hiyo ukisahihisha kigawanyo, vyote vinajisahihisha.

Kabla hujaenda ofisini, chungulia wanavyomkata mtu aliyekosa kazi bila ruhusa. Kama siku moja ya kukosa inakatwa 22,848 huku siku moja ya kuhesabia ovataimu ni 19,800, basi wanagawa kwa 26 wanapokata na kwa 30 wanapolipa. Kutumia 30 kote ni kosa la hesabu. Kutumia mbili tofauti, kila moja pale inapomfaa mwajiri, ni jambo jingine, na slipi mbili zikiwekwa mezani pamoja halihitaji maelezo marefu.

Kwa upande wako pia usizidishe siku mahali pasipostahili. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, Jumapili zikiwa ndani. Usichukue 22,848 ukazidisha kwa 28, utapata karibu 640,000, zaidi ya mshahara wa mwezi mzima. Siku 28 ni wiki nne, wiki nne ni siku 24 za kazi, na 24 mara 22,847.91 ni kama 548,350. Weka pia senti hadi mwisho wa hesabu. Ukikadiria saa kuwa 3,000 kamili mapema, kwenye saa 20 za ovataimu utakuwa umejitoa karibu 1,400.

Wenzako wanaolipwa kwa siku, kama vibarua wa Mwaloni Kirumba, hesabu yao inakwenda kinyume na yako. Kwao siku ndiyo inayotajwa na mwezi ndio unaotokea. Kibarua wa 15,000 akiongezwa asilimia 8 anafika 16,200. Akipata siku 26 anapata 421,200. Akipata siku 20 tu anapata 324,000, pungufu ya 390,000 aliyokuwa anaipata kwa siku 26 za bei ya zamani. Nyongeza yake ni ya kweli, lakini idadi ya siku inaweza kuimeza yote. Wewe wa mwezi huna hatari hiyo.

Ukienda kwa mhasibu, nenda na barua ya nyongeza, slipi ya Septemba, slipi ya Oktoba na karatasi mbili za ovataimu, na omba jambo moja: bei ya siku ihesabiwe kwa 594,000 gawa 25.998, kuanzia Oktoba. Ikikubaliwa, tofauti ya ovataimu ya miezi iliyopita italipwa kama malimbikizo. Mwezi huo slipi yako itavimba na kodi itapanda, kwa sababu malipo yote ya mwezi mmoja yanatozwa pamoja. Ile hesabu ya 72 kwa kila 100 inaendelea kufaa ikiwa kiasi cha kutozwa kodi hakijavuka 760,000, ambapo kinaanza kipande cha asilimia 25. Mwezi unaofuata malipo yatarudi chini, na hapo linganisha na 547,680 pamoja na ovataimu ya mwezi huo, si na ule mwezi wa malimbikizo.